Sikuuza na Sitauza: Historia Fupi ya Kukana Jana na Kesho kwa Pumzi Moja

Ukizunguka Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala hutakosa kuiona. Imeandikwa kwa rangi nyekundu au nyeusi, mara nyingi kwa brashi iliyokaribia kuisha nywele, ukutani pembeni ya dirisha: NYUMBA HII HAIUZWI. Wakati mwingine ni kiwanja kitupu chenye kibao cha bati: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Kila mkazi wa Dar anajua maana yake. Kuna mirathi haijamalizika, au kuna ndugu mmoja anayepitapita na madalali, au kuna tapeli aliyewahi kuleta wateja watatu kwa siku moja wakati mwenye nyumba yuko Kilwa kwenye msiba.

Sasa itazame hiyo haiuzwi kama anavyoitazama tapeli. Haina wakati ndani yake. Ukanushi wa wakati uliopo katika Kiswahili unafuta kiambishi cha wakati, kisha unageuza irabu ya mwisho. Inauzwa inakuwa haiuzwi, na ile -na- inapotea kabisa. Kinachobaki ni hali: nyumba haiko sokoni. Lakini nyumba iliyokwisha kuuzwa jana nayo haiko sokoni. Mtu anaweza kusimama mbele ya ukuta huo akiwa na karatasi ya mauziano mkononi na kusema, bila kuupinga ukuta hata kidogo, "Ni kweli haiuzwi, kwa sababu nilishainunua mimi." Wala ukuta hausemi lolote kuhusu mwezi ujao.

Mwenye nyumba akiitwa ofisi ya serikali ya mtaa kuandika maelezo, ile haiuzwi haimtoshi. Anahitaji kufunga milango miwili, wa nyuma na wa mbele. Hapo ndipo inapozaliwa sentensi ambayo nataka tukae nayo: "Nyumba hii sikuuza na sitauza." Ni fupi, haina neno gumu, na mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Lakini vitenzi vyake viwili havikanushwi kwa njia moja, na tofauti hiyo ina historia. Tena historia yenyewe haijaisha, maana kuna kitu kinaendelea kwenye nusu ya pili ya sentensi hiyo, katika midomo ya watu wa Temeke na Kinondoni, leo hii.

Wakati mmoja tu unaobaki na sura yake

Wote tulifanya lile zoezi shuleni: "Kanusha sentensi zifuatazo." Tulilifanya kwa mazoea, bila kuona jinsi lilivyo la ajabu. Chukua kitenzi uza na nyakati nne tunazozitumia kila siku. Nauza inakanushwa kuwa siuzi, na -na- imetoweka. Nimeuza inakuwa sijauza, yaani -me- imetoka na -ja- imeingia. Niliuza inakuwa sikuuza, -li- imeondoka na -ku- imekaa mahali pake. Halafu inakuja nitauza, na kukanusha kwake ni sitauza. Hapo hakuna kilichobadilika isipokuwa ni- kuwa si-. Ile -ta- iko palepale.

Kwa maneno mengine, Kiswahili kikikana jambo, kwa kawaida hakikani kwa kutanguliza si- au ha- peke yake. Kinabadilisha na kiambishi cha wakati, hivi kwamba wakati wa "ndiyo" na wakati wa "hapana" unavaa nguo mbili tofauti. Jana ya kukubali ni -li-, jana ya kukataa ni -ku-. Kesho peke yake ndiyo iliyobaki na nguo moja kwa sherehe zote mbili.

Ndiyo maana ile sentensi yetu imepinda kidogo ukiisikiliza vizuri. Katika sikuuza, hata kama kelele za daladala zimemeza ile si- ya mwanzo, utasikia -kuuza na utajua kwamba mtu anakana, kwa sababu -ku- ya wakati uliopita haipatikani popote pengine ila kwenye kukataa. Katika sitauza, ile si- ikimezwa, unabaki na -tauza, na hapo hujui kama mtu ameahidi kuuza au ameapa kutouza. Uzito wote umebebwa na silabi moja ya mwanzo, isiyo na mkazo. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji mbele.

Kwa nini sikuuza, na si sijauza

Kabla ya kwenda kwenye kesho, tumalizane na jana, kwa sababu jana ina makabati mawili na watu wa mjini wanaanza kuyachanganya.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuangalia swali. Mtu akikuuliza "Umeuza?", jibu ni "Sijauza." Akikuuliza "Uliuza?", jibu ni "Sikuuza." Swali la kwanza linauliza hali ya sasa, na jibu lake lina neno "bado" lililojificha ndani. La pili linauliza kuhusu tukio, siku fulani, mwaka fulani, na jibu lake linalifunga tukio hilo. Ndiyo maana hakuna mwenye akili timamu anayeandika ukutani NYUMBA HII HAIJAUZWA. Akiandika hivyo, dalali wa kwanza kupita atasimama na kuomba namba ya simu, kwa sababu haijauzwa kwa mwenyeji wa Dar ni tangazo la biashara.

Lakini sikiliza vijiwe vya Mbagala Rangi Tatu au stendi ya Mwenge. "Mbona jana hujaja?" "Jana sijaenda popote, nimelala." Mwalimu wa sarufi angetaka hukuja na sikwenda, kwa kuwa jana imetajwa wazi na tukio limefungwa. Mtaani -ja- imeshavuka mpaka, imeingia kwenye shamba la -ku-. Mimi mwenyewe nasema hivyo nikiwa na wenzangu, na hakuna anayeshtuka.

Hasara yake huonekana pale maneno yanapoandikwa. Mtu akitoa maelezo kwamba "sijauza kiwanja", na karani akayaandika kama yalivyotoka, msomaji hajui ni ipi kati ya mbili: kwamba hakuuza hata siku hiyo inayolalamikiwa, au kwamba kufikia leo bado hajauza, na huenda mpango upo. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikiendesha mambo yake kwa Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama kwa ujumla. Kwa hiyo tofauti ya -ku- na -ja- si ya darasani tu. Ni tofauti inayoweza kukaa kwenye jalada.

Na hapa ndipo nusu ya pili ya sentensi inapoonyesha kazi yake. Andika "Sijauza." Mlango uko wazi. Sasa andika "Sijauza na sitauza." Lile "bado" lililokuwa limejificha limekufa papo hapo, kwa sababu huwezi kuwa na bado ya jambo ulilokwisha kulikana kwa siku zijazo. Kesho iliyokanwa imerudi nyuma na kuisahihisha jana. Anayetaka kufunga zaidi atasema "Sijawahi kuuza na sitauza," na hapo amekana siku zote zilizopita, si siku moja tu. Anayebishania siku moja mahususi abaki na sikuuza.

Jambo moja dogo kuhusu kiunganishi. Unaweza kusema "sikuuza na sitauza" au "sikuuza wala sitauza", zote zinafaa, na wala ina makali zaidi. Lakini usikubali mtu akufupishie kuwa "sikuuza wala kuuza". Kitenzi-jina hakina wakati wake chenyewe. Kikifuata wala kinaazima wakati wa kitenzi kilichotangulia. "Sikuuza wala kukodisha" maana yake ni sikuuza na pia sikukodisha. Yote mawili ni ya jana. Kesho haimo. Ukiitaka kesho lazima uitamke yote, kuanzia si- hadi mwisho.

Kijumbe na zile ku mbili

Turudi mtaani, safari hii kwenye mchezo wa upatu. Akina mama kumi na mbili wanachanga kila wiki, na kijumbe anazishika pesa na kumpa mwenye zamu. Wiki ya saba mwenye zamu anapokea pungufu, maneno yanaanza. Kijumbe anasimama katikati ya kibaraza na kusema: "Jamani, sikula pesa zenu na sitakula."

Iangalie sentensi hiyo kwa makini. Sikula, sitakula. Kila upande una ku, imekaa mara tu kabla ya -la. Ukiwa mgeni wa lugha utafikiri ni ku ileile. Siyo. Tumpe kijumbe nafasi arudie kwa hasira, akizitaja pesa ndani ya kitenzi: "Sikuzila na sitazila!" Umeona kilichotokea? Mtendwa -zi- alipoingia, ku ya kesho ilitoweka, lakini ku ya jana ilibaki imara. Hakuna anayesema sizila kwa maana ya jana, na hakuna anayesema sitakuzila kwa maana hiyo.

Sababu ni kwamba ku ya sikula ndiyo wakati wenyewe. Ukiiondoa hakuna jana. Ku ya sitakula ni ya kitenzi-jina kula, imebebwa tu kwa ajili ya mkazo. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na -ta- haiwezi kuubeba. Kwa kitenzi cha silabi moja kama la, nywa, fa au ja, ku inaletwa ili mkazo upate pa kukalia: sitaKUla. Akija -zi- wa kuupokea mkazo, ku anaaga: sitaZIla. Lakini -ku- ya jana inaubeba mkazo yenyewe bila msaada, ndiyo maana tunasema sikula na hatusemi sikukula.

Au tuseme, tunasema sikukula tukiwa na maana nyingine kabisa. Fisi wa hadithini anaweza kumwambia sungura "Jana sikukula," yaani sikukula wewe. Na akiongeza "na kesho sitakula," sungura ana haki ya kuuliza maswali, kwa sababu sitakula inabeba mambo mawili: sitakula chakula, au sitakula wewe. Kwenye jana lugha inatofautisha, sikula na sikukula. Kwenye kesho haiwezi, mpaka utaje anayeliwa kwa jina.

Hii ku ya kubebwa ndiyo inayotufungulia historia ya kesho yetu. Kwa nini -ta- itembee na kitenzi-jina mgongoni? Kwa sababu zamani -ta- ilikuwa kitenzi kamili, taka. Aliyesema "nataka kula" alikuwa anatamka vitenzi viwili, na baada ya taka lazima ije ku ya kula. Polepole kutaka kukawa kutarajia, kutarajia kukawa wakati ujao, na taka ikakatika mkia ikabaki -ta-. Ushahidi haujafukiwa mbali. Weka kirejeshi na neno zima linafufuka: atakayekula, watakaokuja, siku itakayofika. Hiyo -taka- iliyo katikati ni kisukuku cha kitenzi cha zamani, bado kiko kazini.

Kwa hiyo anayesema "sitauza" leo anasema, kwa mifupa ya maneno yake, "sitaki kuuza". Kukana kwake kwa kesho kulianza kama kukana kwa nia. Na kwa mtazamo huo inaeleweka kwa nini kesho haikuhitaji nguo ya pili. Kitenzi taka kilikanushwa kama kitenzi kingine chochote, kwa si- mbele yake, na kilipogeuka kiambishi kiliingia na mazoea yake.

Waliokaa mezani na waliobaki barazani

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Ndani yake zile sura tunazozijua zimekwisha kujipanga: -ku- kwa kukana yaliyopita, -ja- kwa kukana ambayo bado, -ta- kwa kukana yajayo. Alieleza pia jinsi kitenzi-jina kinavyokanushwa, na hapo kuna kitu cha kuchukua. Njia ilikuwa kutumia kitenzi toa: kutoa kupenda, ikafupishwa kutopenda. Yaani kulikana jambo ni kulitoa, kuliweka nje. Hiyo -to- ndiyo tunayoitumia hadi leo katika kutofanya, kutokwenda, kutolipa.

Miaka 55 baadaye, mwaka 1925, serikali ya kikoloni iliitisha mkutano wa elimu hapa Dar es Salaam, na mojawapo ya mambo yaliyotakiwa ni Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule. Mwaka 1928, Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi mbele ya Kimvita. Tarehe 1 Januari 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Hiyo ndiyo iliyokuja kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa TUKI na sasa TATAKI. Vitabu vilivyopitia mfumo huo vilitufundisha sisi sote sikuuza, sijauza, sitauza, na jedwali likakauka hivyo.

Lakini jedwali lilikauka mezani. Barazani kulikuwa na kitu kingine, na bado kipo: "Sikuuza na sitouza."

Sitouza, hatokuja, hamtonipata. Utaisikia Unguja mjini, utaisikia kwenye taarabu na kwenye Bongo Fleva, na utaisikia kutwa nzima Temeke na Kinondoni, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuvuka bahari kwenda Unguja. Wahariri niliofanya nao kazi huibadilisha kuwa -ta- bila hata kufikiri, na ukiwauliza watakuambia ni lafudhi tu, mtu ameteleza kutoka a kwenda o.

Mimi siamini kuwa ni kuteleza, na sababu yangu ni moja. Ingekuwa ni kuteleza kwa irabu, basi ingeteleza popote ilipo. Tungesikia nitouza, atokuja, mtonipata kwa maana ya kukubali. Hatuzisikii. Mtu yuleyule, kwa pumzi ileile, atasema "yeye atakuja, ila mimi sitokuja." Irabu inayojua kutofautisha ndiyo na hapana haijateleza. Ina kazi.

Kazi hiyo ni ipi? Rudi kwenye ile orodha ya nyakati nne. Tatu zilikuwa na nguo mbili, na kesho ilikuwa na moja. Anayesema nitauza lakini sitouza ameikamilisha orodha. Jana: -li- kwa kukubali, -ku- kwa kukataa. Kesho: -ta- kwa kukubali, -to- kwa kukataa. Na lile tatizo la kelele za daladala limekwisha. Hata ile si- ikimezwa, ukisikia -touza umeshajua mtu amekataa, kama vile ulivyojua kwenye -kuuza. Sikio lililokwisha kuzoea kutouza, kutokuja na kutolipa lilikuwa tayari linaichukulia -to- kuwa sauti ya kukana. Kuihamishia kwenye kesho halikuwa jambo kubwa.

Angalia pia kwamba -to- imerithi tabia za -ta- bila kuongeza zake. Inasema sitokula, pamoja na ku ya kubeba mkazo, na mtendwa akija ku inaondoka: sitozila. Kijumbe wetu anaweza kusema "Sikuzila na sitozila" na mama zake wote kumi na wawili watamwelewa. Ni -ta- ileile, imevaa nguo ya kukataa.

Mipaka yake nayo ipo. Kwenye maandishi ya ofisi, mkataba au maelezo ya polisi, andika sitauza. Ndiyo inayokubalika kuwa sanifu, na hakuna sababu ya kumpa mtu nafasi ya kubishana na irabu yako badala ya hoja yako. Pia jihadhari kidogo na vitenzi vinavyoanza na to. "Hatoki" ni kukana kwa wakati uliopo kwa kitenzi toka, haina kesho ndani yake. Kesho yake ni hatatoka, au kwa watu wa baraza, hatotoka. Kwenye ujumbe wa simu ulioandikwa haraka, silabi moja ikidondoka, hatotoka inakuwa hatoka, na hapo hakuna anayejua ulitaka kusema nini.

Pale wakati unapokataa kuingia

Kuna sehemu moja ambako hata -ku-, -ta- na -to- zote zinagonga mwamba, na ni sehemu inayowagusa wapangaji na wenye nyumba kila mwezi. Ni kirejeshi.

Katika kukubali, kirejeshi kina wakati: mpangaji aliyelipa, anayelipa, atakayelipa. Ukikanusha, vyote vitatu vinaanguka katika shimo moja: mpangaji asiyelipa. Hakuna asikuyelipa wala asitakayelipa. Kwa hiyo mkataba unaosema "mpangaji asiyelipa kodi ataondolewa" haujasema kama ni yule ambaye hakulipa mwezi uliopita, yule ambaye kwa kawaida halipi, au yule ambaye ametangaza kwamba hatalipa. Mwenye nyumba atasoma la kwanza, mpangaji aliyechelewa siku nne atasoma la pili, na wote wawili wana sarufi upande wao.

Njia ya kutoka ni amba-, ambayo walimu wengine huiona nzito na kutushauri tuiepuke. Hapa haiepukiki, kwa sababu inakiachia kitenzi uhuru wa kubaki na wakati wake: "mpangaji ambaye hakulipa kodi ya mwezi uliotangulia na ambaye ameeleza kwa maandishi kwamba hatalipa". Ni ndefu, sikatai. Lakini jana iko mahali pake na kesho iko mahali pake, kila moja na kiambishi chake, na hakuna nafasi ya kuingiza maana ya tatu.

Kwa mwenye nyumba wa Mbagala mwenye rangi iliyobaki kwenye kopo, ushauri wa sarufi ni huu. Haiuzwi inatosha kumfukuza dalali anayepita njia. Kwa yule mwenye karatasi ya mauziano mkononi haitoshi, na ukuta una nafasi ya maneno mawili zaidi: HAIKUUZWA NA HAITAUZWA. Fundi rangi akiandika HAITOUZWA, mlipe pesa yake. Hakuna mtu Temeke nzima atakayeisoma vibaya.